Rangi ya Kucha kwenye Rejeta

Ujumbe wa bima uliingia wakati Mama Viti amepiga magoti katikati ya turubai kubwa, sindano ya gunia mkononi, anaziba tundu lililochomwa na sigara ya mgeni fulani asiye na adabu. Aliusoma mara mbili ili aamini. Dai lako limekubaliwa, matengenezo yameidhinishwa. Basi, hakuna neno jingine. Mwanamke yule aliweka sindano chini, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka mwenye duka la jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

Alikuwa na haki ya kushukuru. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai kwa wenye shughuli: harusi, misiba, mikutano, mahafali, popote watu wanapohitaji kukaa kivulini wakasemeshwa. Aliianza na mumewe kwa viti vichache vya plastiki vya kuazima, na jina la Mama Viti likamganda tangu hapo. Sasa mume ni marehemu. Kitu cha mwisho alichonunua kabla hajaumwa ni hilo turubai kubwa lenye pindo la bluu, ambalo wateja wenye hela huliuliza kwa rangi yake. Na gari la kubebea vyote hivyo, gari dogo la mizigo lenye umri wa mtoto wa darasa la sita, lilikuwa gereji, uso wote umeingia ndani.

Aliyekuwa akiendesha siku ya ajali ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa makamo ambaye mji mzima unamwita Polepole. Jina halikumwonea. Polepole huendesha gari tupu utadhani limejaa mayai. Siku hiyo mwendesha baiskeli alichomoka njia ya pembeni bila kuangalia kushoto wala kulia, Polepole akamkwepa, gari likaukumbatia ukuta wa daraja. Mwenye baiskeli hakugeuka hata kuuliza kama dereva yuko hai. Polepole alitoka na mkono uliovunjika na michubuko, akasimama barabarani anaomba radhi kwa gari. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumdai, Mama Viti alipeleka dai kwenye bima yake mwenyewe, bima kubwa, ambayo alikuwa akiilipia kila mwaka huku anasonya.

Kesho yake asubuhi alivaa vizuri, akaenda gereji kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimkaribisha kwenye kiti chenye mafuta, akampanguzia kwa kitambaa chenye mafuta zaidi. Gari lilikuwa linaendelea vizuri. Bodi ilikuwa imenyooshwa, bampa na taa mpya zimefika, kioo kimewekwa. Kilichobaki kilikuwa rangi na kufunga vitu vichache.

"Sasa mama," fundi akasema, "upande wako utalipa lini?"

Upande gani tena? Mama Viti alijua kuna ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe kwa kila ajali, na hiyo alikuwa ameshaiweka kando, imefungwa kwenye kitambaa. Fundi akatikisa kichwa kwa upole. Akamweleza kwamba bima inamlipa yeye fundi moja kwa moja, ila hailipi bili yote. Bodi, taa na kioo wamelipa vizuri. Lakini vile vitu vinavyokwisha kwa kutumika wamevikata. Rejeta, shokapu mbili za mbele na betri wamekata sita kwa kumi. Tairi moja lililopasuka wamekata nusu. Walichokata hakifutiki, kinahamia kwa mwenye gari, na gari halitoki getini mpaka pande zote mbili zimelipa.

Fundi alitaja jumla. Mama Viti akaipiga hesabu kichwani kwa kipimo alichokijua, na kipimo chake kilikuwa turubai kubwa. Ilikuwa bei ya turubai kubwa, kasoro kidogo tu. Jamani, mbona ujumbe haukusema hivyo? Ujumbe ulisema limekubaliwa, ukanyamaza, kama mchumba anayekuja na posa bila kutaja ana wake wangapi. Fundi alisema ndivyo wanavyokuja wote hapa wakicheka, halafu yeye ndiye anayebaki kuwapa maji.

Haya. Mwisho wa mwezi Mama Viti alikuwa na mahafali ya chuo, viti vyote na maturubai yote, na malipo ya awali alikuwa ameshayapokea na kuyatumia. Bila gari angekodi lori, na lori lingekula faida yote pamoja na sahani. Hela ya kulipa upande wake hakuwa nayo, na njia ya kuipata ilikuwa moja tu, kuuza turubai la bluu. Kuna bwana mmoja mwenzake katika biashara, mtu wa tabasamu jingi, ambaye kila wakikutana humuuliza kama ile bluu bado haijachoka kukaa kwake. Akimpigia simu leo, kesho amekuja na hela mkononi. Mama Viti aliondoka gereji bila kuigusa simu.

Alikwenda ofisi ya bima akiwa amechemka. Alikuwa ameandaa maneno njiani, makali, kwa mpangilio. Bahati mbaya afisa wa madai alikuwa binti mpole mwenye sauti ya chini, aliyeinuka kumvutia kiti na kumpa shikamoo, na ni kazi ngumu kumfokea mtu aliyekwisha kukuamkia hivyo.

Binti alifungua faili lake kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo aone. Akamweleza bila haraka. Mkadiriaji, yule anayekagua gari lililoharibika, huangalia kila spea inayobadilishwa imeshatumika kiasi gani, anaweka kiwango cha uchakavu. Kwenye malipo makato yote hayo yanajumlishwa na kuitwa tozo la uboreshaji. Majina mawili, jambo moja: bima inarudisha gari lilivyokuwa kabla ya ajali, hailifanyi liwe bora kuliko lilivyokuwa. Ukipewa kipya mahali pa kilichochoka, ile nafuu uliyoipata unailipia wewe. Bodi na kioo havikatwi kwa sababu havichakai kwa kutumika kama tairi na betri. Na yote haya yamo katika mkataba wa bima, ukurasa wa nyuma.

Mama Viti akasema ukurasa wa nyuma hausomwi na mtu mwenye shughuli zake. Binti akatabasamu, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa, macho yakamwangaza.

"Mama, mgeni akikuvunjia kiti chako cha miaka sita, kile kilichopauka na mguu umeshaanza kupinda, unamlipisha nini?"

"Kiti kipya."

"Kwa hiyo ameingia umekalia cha zamani, ametoka umekalia kipya, na tofauti amelipa yeye."

Mama Viti akawakumbuka wateja aliokwisha kuwalipisha viti vipya kwa viti ambavyo yeye mwenyewe asingethubutu kumkalisha bibi harusi. Cheko likamtoka bila kutaka. Alikiri moyoni kwamba hapo ameshikwa, na shemeji yake angekuwepo angecheka mpaka bandeji idondoke.

Lakini akili yake haikulala. Akamwambia binti kwamba kanuni ameielewa na haina ubaya, ila imekosea mlango. Gari ni la zamani, sawa. Rejeta, shokapu na betri si vya zamani. Alivinunua mwaka huu huu, vipya vya dukani, baada ya gari kuchemka njiani na kumwaibisha mbele ya wenye harusi. Kama ni uchakavu, basi ni wa miezi michache. Vipi mtu akate sita kwa kumi?

Binti alikunja uso kidogo, akafungua picha za mkadiriaji. Na hapo ndipo kitu kilipomvunjika Mama Viti ndani.

Rejeta ilikuwa nyeusi, imeganda mafuta na vumbi pembe hadi pembe. Shokapu zilionekana kama zimechimbuliwa shimoni. Betri ilikuwa na ukungu mweupe kwenye vichwa na lebo imekwanguka. Chini ya kila picha mkadiriaji ameandika: imechakaa sana, inalingana na umri wa gari. Binti akamwambia kwa huruma kwamba akiwa na risiti, au spea zenyewe zikaonyesha vingine, anaweza kuomba ukaguzi wa mara ya pili. Spea mbovu hazitupwi mpaka dai lifungwe, kwa sababu bima ikishalipia kipya, kile cha zamani ni mali yake, kwa hiyo lazima zipo gereji bado. Mama Viti aliitikia tu. Alikuwa hasikii.

Kwa sababu hela ya spea zile alimpa nani? Alimpa Polepole mkononi. Nani alikwenda dukani? Polepole. Nani alilala chini ya gari uani siku nzima akivifunga, akakataa fundi asiitwe, akakataa hata kusaidiwa? Polepole. Risiti iko wapi? Alisema imefuliwa na suruali. Siku ile Mama Viti alicheka na kumtania. Leo, kwenye kiti cha ofisi ya bima, kicheko kile kilimrudia kooni. Shemeji amekula hela, akafunga makorokoro, akampaka mjane wa kaka yake mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu walishamwambia ndugu wa mume ni wa kuangaliwa, akawajibu huyu wa kwangu ni dhahabu. Dhahabu gani hiyo!

Uchungu wake haukuwa wa hela peke yake. Baada ya mazishi, ndugu walipokuja kugawana hata vikombe, Polepole ndiye aliyesimama mlangoni akasema vya kaka vina mwenyewe. Akaacha kazi iliyokuwa ikimlipa vizuri, akaja kumwendeshea gari kwa mshahara wa aibu. Miaka yote hiyo hakudai nyongeza. Sasa Mama Viti alijiuliza kama alikuwa hadai kwa sababu alikuwa anajilipa mwenyewe kidogo kidogo.

Akiwa njiani alimpigia yule bwana wa tabasamu. Bwana akasema atakuja keshokutwa asubuhi, na hela taslimu, na akaongeza kwamba turubai litafurahi kupata mwanaume wa kulikunja. Mama Viti akakata simu kabla hajamjibu vile inavyostahili.

Jioni alimpelekea shemeji chakula, maana mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa mwizi. Polepole alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la saa, chumba kisafi cha mtu asiye na mke, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari ufunguo wa gari, ule wa pili, alioutundika hapo tangu siku ya kwanza ya kazi. Mama Viti aliweka chakula mezani. Kisha akaenda ukutani, akauchukua ufunguo, akautia kwenye mkoba. Polepole alimwangalia, hakuuliza. Alikuwa amelala na mkono juu ya mto, anaonekana mdogo kuliko umri wake.

Mama Viti alivuta pumzi aanze. Alikuwa na la kusema: kwamba akipona atafute kazi kwingine, kwamba asipoteze muda kujieleza. Lakini Polepole akamtangulia, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri mgeni wa kumweleza jambo.

"Shemeji, usiwaache wakanitupia rejeta yangu. Bado changa ile. Umewaambia waisafishe kwanza?"

"Waisafishe nini?"

"Yale mafuta niliyoipaka."

Polepole akaona uso wake, akadhani amekasirikia uchafu, akaanza kujitetea. Akasema shemeji unajua mambo ya gereji za watu. Unapeleka gari kuangaliwa breki, wanaona spea mpya inang'aa, ukirudi umefungiwa ya zamani na yako imeuzwa. Na usiku barabarani wezi wa betri wanapita na tochi, wanafunua boneti za watu kama wanachagua nyanya. Kwa hiyo alipovifunga vile vipya aliviharibu sura kwa makusudi. Alichukua mafuta machafu ya injini akachanganya na vumbi la uani na masizi, akavipaka vyote kwa brashi ya viatu. Vichwa vya betri alivisugulia chumvi na maji, lebo akaikwangua kwa kisu. Mwizi akiangalia anasema hili gari masikini, anakwenda kwa jirani.

"Na hukuniambia."

"Ukijua wewe, utamwambia jirani kwa kujisifu. Jirani atamwambia fundi." Akasita, akatazama dari. "Halafu kulikuwa na jambo la rangi ya kucha."

Rangi ya kucha ipi? Ile nyekundu, akasema, ya chupa ndogo. Aliichukua kwenye kabati la shemeji bila ruhusa siku ile ile, akaweka nukta moja kwenye kila spea, mahali pa siri, chini ya uchafu, ili hata wakimbadilishia atazijua zake. Chupa ikaisha. Akaona haya kusema. Mama Viti akakumbuka jinsi alivyomgombeza binti yake wa kumzaa kwa chupa hiyo mpaka mtoto akalia, akaapa, akanuna siku nzima. Alitafuta kitanda kwa mkono, akakaa. Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja yenyewe, akayafuta kwa ncha ya kanga. Polepole aliuliza kama amekosea sana. Akamwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Hakumwambia zaidi. Ufunguo ulibaki kwenye mkoba, unamchoma.

Asubuhi alimpigia afisa wa madai kabla ofisi haijafunguliwa vizuri. Binti hakumuuliza kwa nini jana aliondoka kama aliyepigwa. Alisema atamwomba mkadiriaji apite gereji siku hiyo hiyo, na Mama Viti aende duka la spea kuomba nakala ya risiti. Kwa mwenye duka haikuwa kazi. Alimkumbuka Polepole vizuri, maana hajawahi kumwona mteja anayenunua betri mpya halafu anamuuliza njia ya kuifanya ionekane mbovu.

Mkadiriaji alikuwa mtu mnene wa maneno machache, na tochi mfukoni. Mama Viti alimwogopa kidogo. Mtu aliyekwisha kuandika jambo na kulitia saini hapendi kuambiwa alifute, na huyu hakuwa na wa kumlazimisha. Fundi mkuu aliwapeleka kona ya nyuma, ambako spea zilizotolewa zimelala chini ya bati. Mkadiriaji hakugusa kitu kwanza. Alitoa simu, akalinganisha rejeta na picha aliyoipiga yeye mwenyewe siku ya kwanza: pale ilipojikunja, pale mrija ulipokatika, kila kitu. Alitaka kuwa na hakika kwamba hajawekewa nyingine usiku. Aliporidhika aliomba petroli kidogo na kitambaa.

Akasugua. Weusi ukatoka kwa mkupuo mmoja, kama gamba, na chini yake rejeta ikang'aa mpaka fundi mkuu akavua miwani na kuivaa tena. Kwenye pembe ya juu mhuri wa kiwanda ulijitokeza, mwezi na mwaka, mwaka jana tu. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu kuliko mhuri huo kwa miaka kumi. Akageukia shokapu. Chuma cha ndani kilikuwa laini bila mkwaruzo, hakuna mafuta yaliyovuja, mipira haijapasuka, kilichoziharibu ni kule kupinda kwa ajali. Betri nayo ilikuwa na tarehe iliyogongwa kwenye plastiki ya chini, mahali kisu cha Polepole hakikufika. Na kwenye kila moja, ukigeuza, palikuwa na nukta nyekundu.

"Hii nini?" mkadiriaji akauliza.

"Rangi yangu ya kucha," Mama Viti akasema.

Ilibidi aeleze yote, na akaeleza, na yule mtu mnene akacheka kimya kimya, tumbo likitikisika. Akasema amefanya kazi hii muda mrefu, ameona watu wakipaka cha zamani kionekane kipya, kila wiki anawaona. Wa kupaka kipya kionekane cha zamani hajapata kumwona. Akasema pia, bila kulazimishwa na mtu, kwamba alipaswa kusugua tangu siku ya kwanza, lakini aliangalia gari, akaangalia uchafu, akamaliza. Mama Viti alimshukuru. Alimshukuru kwa dhati, kwa sababu alijua angeweza kupandisha mabega na kuondoka, na yeye angebaki na turubai limeuzwa.

Hakufuta yote, na hakuwa na haki ya kufuta. Rejeta aliiondolea kato kabisa. Shokapu akakata kidogo sana kwa miezi ambayo zilitumika. Betri akakata zaidi kidogo, maana betri huzeeka hata ikikaa. Kwenye tairi alichomeka kipimo chake kidogo kati ya meno, akamwonyesha: nusu ya mpira ilishaisha. Hapo nusu inabaki nusu. Mama Viti alikuwa na hamu ya kubishana, kisha akavikumbuka viti vyake, akaacha. Mkadiriaji akaandika ripoti ya nyongeza akiwa ameegemea boneti, na kabla ya jua kuzama binti wa bima alipiga simu kusema malipo yamerekebishwa. Kilichobaki upande wa Mama Viti, pamoja na ile sehemu ya kwanza, kilitoshea kwenye kitambaa chake kwa kuongeza kidogo tu.

Alimpigia bwana wa tabasamu kumwambia turubai haliuzwi. Bwana akauliza kwa nini, akasikika ghafla kama aliyenyang'anywa kitu. Mama Viti akamwambia limeshapata wa kulikunja.

Gari lilitoka gereji likiwa na rangi mpya usoni na ile ya zamani mgongoni. Mahafali ya chuo yakapita salama, dereva wa kuazima akiwa kwenye usukani na Polepole pembeni yake, mkono shingoni, akimwambia punguza, punguza. Waliporudisha viti, vitatu vilikuwa vimevunjika, vyote vya siku nyingi, vimepauka. Bwana aliyesimamia shughuli akatoa pochi akiwa ameshakunja uso, maana alizijua bei za Mama Viti. Mama Viti akavigeuza, akavitazama miguu, akamtajia nusu ya bei ya kipya. Yule bwana akamwangalia kama anayehofia kuna mtego. Akamwambia viti vilikuwa vimeshachoka kabla yake, haki ni haki, alipe aende.

Jioni ya siku Polepole alipofunguliwa bandeji, Mama Viti alikwenda tena kwenye kile chumba nyuma ya duka la saa. Hakubeba chakula. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akautundika kwenye msumari wake. Shemeji alikuwa kitandani anajaribu kukunja vidole.

"Shemeji," Mama Viti akasema, akiwa bado ameutazama ukuta, "siku ile nilikuja kukufukuza."

"Nilijua," Polepole akasema. "Nilikuona unauchukua."

"Na hukuniuliza kitu."

"Nilijua kuna mahali umeumia. Nikasema ukipoa utauliza wewe."

Mama Viti akageuka. Alitaka kuomba radhi kama inavyopasa, kwa maneno kamili, lakini maneno yaligoma, akasema tu asante, kwa rejeta, kwa turubai, kwa siku ya vikombe, asante kwa yote, shemeji, mpaka Polepole akaona haya akamwambia inatosha. Akainuka, akaenda kuutazama ufunguo wake. Juu ya kichwa cha ufunguo palikuwa na nukta nyekundu ya chupa mpya, bado mbichi kidogo, imewekwa vibaya na mtu asiyezoea kupaka chuma.

"Hii ya nini tena?"

"Ili nikitaka kukubadilisha," Mama Viti akasema, "nijue nakosea."

Polepole aliugusa kwa kidole, akakuta umemwachia rangi. Akajifuta kwenye suruali, na doa lile halikutoka hata ilipofuliwa.